Mkokoteni Unageuka Lini? Kusoma Grafu za Mahali na za Kasi

Katika vipindi vya marudio vya Jumamosi kuna grafu moja ninayowachorea wenzetu wa mwaka wa kwanza kila muhula, maana haikosi kuligawa darasa. Leo naileta hapa. Tafadhali chukua karatasi ya miraba na penseli, tuichore pamoja.

Kampala ni mji wa vilima, kwa hiyo mfano wetu ni mkokoteni kwenye barabara iliyonyooka inayopanda. Kijana anausukuma kuelekea juu kuanzia pale uliposimama. Baada ya sekunde 4 unamponyoka, unaendelea kupanda peke yake, unachoka, kisha unaanza kurudi chini. Mwenzake aliye njiani anaudaka na kuusimamisha. Upande wa juu tuuite chanya, na wa chini hasi.

Mhimili wa mlalo ni wa muda, kwa sekunde. Mhimili wa wima ni wa kasi, kwa mita kwa sekunde. Weka nukta ya kwanza kwenye sekunde 0, kasi 0. Ya pili sekunde 4, kasi 4. Ya tatu sekunde 12, kasi −4. Ya mwisho sekunde 14, kasi 0. Ziunganishe kwa mistari iliyonyooka. Utaona mstari unapanda, unashuka kwa muda mrefu ukikata mhimili wa muda kwenye sekunde 8, kisha unapanda tena hadi sifuri.

Sasa swali: mkokoteni uligeuka lini?

Karibu nusu ya darasa hujibu sekunde 4, kwa kuwa hapo ndipo penye kilele. Jibu hilo linatokana na kuitazama grafu kama picha ya barabara: mstari umepanda, umeshuka, basi na mkokoteni umepanda, umeshuka. Lakini mhimili wa wima hapa hauonyeshi mahali, unaonyesha kasi. Kwenye sekunde 5 kasi ni 3, nayo ni chanya, kwa hiyo mkokoteni bado unapanda, ila polepole kuliko sekunde moja iliyopita. Unapanda hadi kasi iishe, na kasi inaisha sekunde ya 8, mstari unapokata mhimili wa muda. Baada ya hapo alama ni hasi, na mwendo ni wa kuteremka. Kilichotokea sekunde ya 4 ni kwamba mkono wa kijana uliachia, basi.

Angalieni neno hilo "kukata". Mstari ukigusa sifuri na kurudi juu ulikotoka, chombo hakikugeuka. Teksi inayosimama kituoni kushusha abiria kisha ikaendelea na safari ileile ina grafu ya namna hiyo. Kugeuka kunataka kasi ibadili alama, na sekunde ya 14 nayo si ya kugeuka, kwa sababu mkokoteni ulisimama na kubaki umesimama.

Tuje kwenye mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde. Kwenye grafu ya kasi, mchapuko ni mwinamo wa mstari. Sekunde 4 za kwanza kasi imeongezeka kwa 4, kwa hiyo mchapuko ni 1 m/s². Kutoka sekunde ya 4 hadi ya 12 kasi imetoka 4 hadi −4, badiliko la −8 kwa sekunde 8, yaani −1 m/s². Sekunde 2 za mwisho ni +2 m/s².

Hapa kuna mambo mawili ya kuyatazama kwa utulivu. Kwanza, kwenye sekunde 8 mkokoteni una kasi sifuri, lakini mchapuko wake si sifuri, bado ni −1. Kama ungekuwa sifuri pale, mkokoteni ungebaki juu umesimama. Pili, mchapuko hasi hauna maana ya kupunguza mwendo kila mara. Kati ya sekunde 8 na 12 kasi ni hasi na mchapuko ni hasi, upande mmoja, kwa hiyo mkokoteni unazidi kukimbia kuteremka. Sekunde 2 za mwisho mchapuko ni chanya, na hapo ndipo unapopunguza. Linganisha alama hizo mbili: zikifanana mwendo unaongezeka, zikitofautiana unapungua.

Sasa umeishia wapi? Umbali kutoka ulipoanza hadi ulipofikia, pamoja na upande wake, nauita mhamo. Kwenye grafu ya kasi, mhamo ni eneo lililo kati ya mstari na mhimili wa muda, na eneo la chini ya mhimili huhesabiwa hasi. Juu ya mhimili tuna pembetatu yenye kitako cha sekunde 8 na kimo cha 4: nusu ya 8 × 4 ni mita 16. Chini tuna pembetatu ya kitako cha sekunde 6 na kimo cha 4: mita 12. Mhamo ni 16 − 12, mita 4 juu ya pale ulipoanzia. Lakini magurudumu yamezunguka njia ya 16 + 12, mita 28. Mtihani ukiuliza mhamo ukaandika 28, alama zimekwenda.

Chora grafu ya pili chini ya ile ya kwanza, muda ukiwa umelingana, safari hii wima ikiwa mahali, kwa mita. Nukta zake: sekunde 0 mita 0, sekunde 4 mita 8, sekunde 8 mita 16, sekunde 12 mita 8, sekunde 14 mita 4. Ziunganishe kwa mkunjo laini, si kwa rula. Katika grafu hii kilele ndicho kweli mahali pa kugeukia, na kiko sekunde ya 8, sawasawa juu chini na pale mstari wa kasi ulipokata sifuri. Mwinamo wa mkunjo ndio kasi. Ukiweka rula iguse mkunjo kwenye sekunde 4, utaona hapo ndipo unapopanda kwa ukali zaidi. Kwenye sekunde 6 na sekunde 10 mkokoteni uko mahali pamoja, mita 14, ila mwinamo mmoja ni 2 na mwingine ni −2. Yule mdakaji anajua tofauti hiyo. Asingekuwepo, mkokoteni ungepita pale ulipoanzia kwa karibu mita 5.7 kwa sekunde, kama kilomita 20 kwa saa.

Jambo moja grafu ya kasi haisemi kamwe: ulianzia wapi. Mita 0 nimeichagua mimi. Kama ulianza mita 30 kutoka getini, ongeza 30 kwenye kila mahali. Grafu ya kasi haitatikisika.

Ukipima mkokoteni wa kweli, mstari kutoka sekunde 4 hadi 12 hautanyooka hivi. Wakati wa kupanda, msuguano wa magurudumu unasaidiana na mteremko kuupunguza mwendo. Wakati wa kushuka unapingana nao. Kwa hiyo mstari utainama zaidi kabla ya kufika sifuri na kidogo baada yake, na utavunjika palepale unapokata mhimili. Ukiona mvunjiko huo kwenye vipimo vya maabara, usiufute kwa rula. Nusu ya tofauti ya miinamo hiyo miwili ndiyo sehemu ya mchapuko iliyoletwa na msuguano.