Hesabu ya Meno: Kupima Gia na Nguvu ya Kuzungusha kwa Vipuri Chakavu vya Baiskeli

Kijitabu cha walimu wa fizikia, walimu wa ufundi na vikundi vya vijana

Chukua baiskeli iliyokufa. Gurudumu la mbele limepinda, usukani umevunjika na tairi zimekwisha, lakini kranki inazunguka na gia za nyuma zina meno. Kwa fundi wa vyuma chakavu, huo ni mzigo wa kupimwa kwa kilo. Kwa darasa, tayari ni mizani, kwa sababu unaweza kutundika dumu la maji kwenye pedali, ukatundika ndoo kwenye gurudumu la nyuma, kisha ukaona kwa macho ni uzito gani unamudu uzito gani.

Wanafunzi wengi hukariri kwamba gia "huongeza nguvu". Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayomkwamisha fundi anapotaka kutengeneza mashine ya pedali. Gia haitoi nguvu mpya. Inabadilishana na wewe: inakupa kani na kuchukua mwendo, au inakupa mwendo na kuchukua kani. Jaribio hili linaonyesha bei ya mabadilishano hayo.

Vipuri vya kutafuta

Tafuta baiskeli ya gia yenye gurudumu la inchi 26, aina inayojulikana mitaani kama mauntini. Nyingi kati ya hizo zina gia tatu mbele, zenye meno 42, 34 na 24, na gia sita nyuma, zenye meno 14, 16, 18, 21, 24 na 28. Usiamini maandishi wala kumbukumbu ya muuzaji. Weka alama ya chaki kwenye jino moja na uhesabu hadi urudi pale pale, kwa kuwa baiskeli zilizokwisha kutengenezwa mara nyingi huwa na gia za kuchanganya.

Kagua mnyororo kabla ya kununua. Umbali kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo nafasi 24 zinapaswa kuwa na urefu wa sentimita 30.5. Ukinyoosha mnyororo na kupata sentimita 30.8 au zaidi, umelika na utaruka meno ukibebeshwa uzito. Meno nayo yatazame kwa ubavu: jino zima lina kichwa butu na mabega mawili yanayolingana, ilhali lililolika limechongoka na kulalia upande mmoja.

Mkono wa gia wa nyuma, ule wenye magurudumu mawili madogo ya plastiki, usiutupe hata kama waya wake umekatika. Ndio unaokaza mnyororo unapohama kutoka gia kubwa kwenda ndogo. Utausogeza kwa mkono, kisha utaufunga kwa waya usirudi.

Kuunda stendi

Fremu isimame wima kama baiskeli inavyosimama, ikafungwe kwa boliti kwenye nguzo mbili za mbao zilizopigiliwa juu ya benchi imara. Ekseli ya nyuma iwe na kimo cha mita moja hivi kutoka sakafuni ili ndoo ipate nafasi ya kupanda na kushuka. Fremu ikiyumba, vipimo navyo vitayumba, kwa kuwa dumu la kilo kumi linaning'inia nje ya fremu, upande wa pedali.

Vua tairi na mpira wa ndani. Osha mnyororo, gololi za ekseli na za kranki kwa mafuta ya taa, kisha zipake: gololi grisi, mnyororo oili nyepesi. Acha pedali zote mbili mahali pake. Zinalingana uzito, hivyo kila moja inafuta uzito wa mwenzake, na hutalazimika kuuingiza kwenye hesabu.

Pima urefu wa kranki kutoka katikati ya ekseli yake hadi katikati ya msumari wa pedali. Nyingi zina sentimita 17. Halafu funga kamba nyembamba kwenye tundu la spoki na uizungushe ndani ya mfereji wa ringi. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi mahali kamba inapolala. Katika ringi ya inchi 26 ni karibu sentimita 28.

Kamba ya ndoo ining'inie upande wa nyuma wa gurudumu. Hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Friwili hushika upande mmoja tu na upande wa pili huteleza ikilia tik-tik. Dumu likivuta pedali ya mbele kwenda chini, gurudumu linataka kuzunguka kwenda mbele, kwa hiyo ndoo lazima ivute kinyume. Ukiitundika upande wa mbele, friwili itaachia na ndoo itaanguka papo hapo. Asiwepo mtu mwenye mguu chini ya ndoo, na vidole vikae mbali na mnyororo wakati wowote uzito umetundikwa.

Kukisia kabla ya kupima

Nguvu ya kuzungusha hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili. Kilo moja huvutwa na dunia kwa kani ya karibu nyutoni 10. Dumu pamoja na maji lipimwe kwenye mizani hadi litimize kilo 10, litundikwe kwenye msumari wa pedali, na kranki ilazwe sawasawa kwa pima maji. Kani ni nyutoni 100 na umbali ni mita 0.17. Nguvu ya kuzungusha kwenye kranki ni nyutoni-mita 17.

Sasa ufuate mnyororo. Gia ya mbele yenye meno 42 ina nusu kipenyo cha sentimita 8.5. Gawanya 17 kwa 0.085, na utaona kwamba mnyororo unavutwa kwa nyutoni 200. Mvuto huo haujali umechagua gia gani ya nyuma. Ni ule ule kwa zote sita. Kinachobadilika ni umbali ambao mnyororo unashika kutoka kwenye ekseli ya nyuma. Gia ya meno 28 ina nusu kipenyo cha karibu sentimita 5.7, ya meno 14 ina nusu ya hapo. Kwa hiyo ekseli inapata nyutoni-mita 11.3 katika ile kubwa na 5.7 katika ile ndogo. Hii ndiyo sababu gia kubwa ya nyuma humrahisishia mpanda baiskeli mlimani, na wanafunzi wakiielewa hapa hawatahitaji kukariri kanuni ya uwiano.

Uwiano wa gia ni meno ya mbele kugawanya kwa meno ya nyuma. Kwa 42 na 14 ni 3, kwa 42 na 21 ni 2, kwa 42 na 28 ni 1.5. Gawanya 17 kwa uwiano huo, kisha ugawanye kwa mita 0.28 ya ringi, na utapata kani inayoweza kubebwa na kamba. Makisio ni haya: ndoo ya kilo 2 kwa gia ya meno 14, kilo 3 kwa meno 21, na kilo 4 kwa meno 28. Yaandikwe ubaoni kabla ndoo haijaguswa.

Kupima, na kuujua msuguano

Weka mnyororo kwenye meno 21 na uanze na ndoo nyepesi. Dumu litashuka. Lishike, rudisha kranki mlalo, ongeza maji kwenye ndoo kidogo kidogo hadi dumu liache kushuka. Andika uzito wa ndoo. Endelea kuongeza hadi ndoo yenyewe ianze kushuka na kuinua dumu. Andika tena.

Utapata namba mbili, si moja. Tuseme dumu liliacha kushuka ndoo ilipofika kilo 2.7, na ndoo ikaanza kushuka ilipofika kilo 3.3. Katikati ya hizo ni kilo 3.0, nalo ndilo jibu linalolinganishwa na makisio. Pengo la pande zote mbili, gramu 300 kila upande, ni msuguano wa gololi na mnyororo. Wanafunzi wanaopima upande mmoja tu hudhani hesabu ni mbovu, kumbe wameupima msuguano pamoja na gia.

Pengo hilo lina kazi ya pili. Likiwa pana mno, mashine inakuambia kuna ubovu. Zungusha gurudumu peke yake kwa mkono: likisimama upesi, tatizo ni gololi za nyuma au koni zilizokazwa kupita kiasi. Likizunguka vizuri, tazama mnyororo, utakuta viungo vilivyoganda kwa kutu. Lakini kama katikati ya namba mbili iko mbali na makisio ilhali pengo ni jembamba, usilaumu msuguano. Rudia kuhesabu meno, na uangalie kama kranki ilikuwa mlalo. Ikiinama nyuzi 30, umbali wa sentimita 17 huwa umepungua hadi kama 14.7.

Bei inayolipwa

Bandika rula ndefu nyuma ya kamba. Shusha pedali sentimita 10 tu, karibu na mlalo, na upime ndoo imepanda kiasi gani. Kwa meno 14 itapanda karibu sentimita 49, kwa meno 21 sentimita 33, kwa meno 28 sentimita 25. Zidisha uzito kwa mwendo. Upande wa pedali ni 10 mara 10, yaani 100. Upande wa ndoo ni 2 mara 49, au 3 mara 33, au 4 mara 25. Zote zinakaribia 100. Hakuna gia iliyozidisha kazi.

Mkipata muda, hamishieni mnyororo mbele kwenye meno 24 na nyuma kwenye 28. Uwiano unashuka chini ya 1, na dumu lile lile la kilo 10 linamudu ndoo ya kilo 7. Ndoo, hata hivyo, itapanda polepole mno.

Kutoka stendi hadi mashine

Mtu mwenye afya anaweza kukanyaga pedali kwa muda mrefu akitoa wati 75 hivi. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, hiyo ni nyutoni-mita 12 kwenye kranki. Mnoa visu anahitaji kasi, hivyo uwiano wa 3 unampa mizunguko 180 kwa dakika na nyutoni-mita 4, kabla ya hasara ya msuguano. Mashine ya kupukuchua mahindi inahitaji msukumo zaidi. Uwiano wa 1.5 unaipa mizunguko 90 na nyutoni-mita 8. Ikikwama kila gunzi linapoingia, badilisha gia ya mbele iwe ndogo kabla ya kumtafuta mkanyagaji mwenye misuli zaidi.

Mashine ya kusaga unga ya kijijini hutumia mota ya kilowati kadhaa. Kilowati moja pekee ni jasho la watu 13 wanaokanyaga kwa pamoja, na hakuna mpangilio wa gia utakaoiendesha mashine hiyo kwa mtu mmoja.