Uandishi wa Kiuamilifu: Tangazo la Basari

Tangazo ni ujumbe mfupi unaowafahamisha watu jambo wanalopaswa kulijua au kulitenda. Tangazo la basari huwa na vipengele vinne muhimu: anayestahili, stakabadhi, makataa na mahali pa kuwasilisha maombi.

Soma tangazo hili:

*Wanafunzi wote maskini walete fomu za basari na stakabadhi zinazohitajika haraka iwezekanavyo.*

Sarufi yake ni sahihi, lakini halimsaidii mwanafunzi. Neno "maskini" linaaibisha, na anayestahili huenda akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Stakabadhi hazikutajwa. "Haraka iwezekanavyo" si tarehe. Linganisha na hili:

TANGAZO

KWA: Wanafunzi wote
KUTOKA: Mwalimu wa Ushauri Nasaha
TAREHE: 27 Januari 2020
MADA: MAOMBI YA BASARI YA ENEOBUNGE

Fomu za basari zinapatikana ofisini mwangu kuanzia leo.

Anayestahili ni mwanafunzi mwenye salio la karo ambaye mzazi au mlezi wake ni mkaazi wa eneobunge hili. Wanaotoka kwingine waombe katika maeneobunge yao.

Ambatisha:
1. Nakala ya cheti cha kuzaliwa.
2. Nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi.
3. Nakala ya ripoti ya muhula uliopita.
4. Nakala ya cheti cha kifo, kwa aliyefiwa na mzazi. Asiye nacho aje anione.

Fomu itiwe saini na muhuri wa chifu. Wanaolala bwenini watapewa ruhusa ya kwenda nyumbani Ijumaa, tarehe 31 Januari.

Nirudishieni fomu kabla ya saa kumi jioni, Jumatatu, tarehe 10 Februari. Ofisi ya eneobunge itafunga maombi Ijumaa, tarehe 14 Februari.

(Saini)
Mwalimu wa Ushauri Nasaha

Maelezo

Tangazo hili lina tarehe mbili za mwisho, na kila moja ina kazi yake. Mwanafunzi akishajaza fomu, shule nayo hujaza sehemu yake: salio la karo, akaunti ya benki ya shule na muhuri wa mwalimu mkuu. Fomu ikifika shuleni tarehe 14, hakuna siku iliyobaki ya kazi hiyo, na mwanafunzi anayestahili hukosa basari.

Pia, tangazo linataja siku ya ruhusa kwa sababu chifu yuko kijijini, si shuleni. Ruhusa imewekwa siku ya Ijumaa ili mwanafunzi amkute chifu ofisini. Angetoka Jumamosi, angerudi bila muhuri.

Zoezi

Wewe ni mwalimu wa darasa. Waandikie wanafunzi tangazo kuhusu basari ya kaunti. Makataa ya ofisi ya kaunti ni Ijumaa, tarehe 20 Machi 2020. Amua tarehe ya kurudisha fomu shuleni, kisha eleza kwa sentensi mbili kwa nini umeichagua. (Alama 20)