Barua ya rufaa kwa daktari wa akili: Ndani mna nini?

Msomaji, huenda siku moja daktari wako wa kawaida akasema kwamba wewe au jamaa yako anafaa kuonwa na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, kisha akakupa barua iliyofungwa. Wengi huiogopa. Kuna hata wanaoichana njiani wakidhani ndani wameitwa wendawazimu. Leo tuifungue, tukichukua mfano wa mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa baipola.

Katika baipola, hali ya moyo hupanda kupita kiasi kwa siku au majuma kadhaa, na wakati mwingine hushuka hadi huzuni kuu. Taabu ni kwamba mgonjwa huja kwa daktari akiwa ameshuka. Alipokuwa juu alijiona mzima kuliko wote. Daktari asiyeuliza habari za siku hizo ataona huzuni pekee, na huenda akatoa dawa za kuondoa huzuni peke yake. Kwa mwenye baipola, dawa hizo zikikosa dawa nyingine ya kutuliza hali ya moyo zaweza kumrusha juu ghafla.

Tuseme fundi wa umeme wa miaka 26 analetwa kliniki na dada yake. Hajaenda kazini kwa majuma matatu, hali vizuri, na asema maisha hayana maana. Yeye mwenyewe hana jingine la kueleza. Ni dada anayekumbuka mambo ya mwezi wa Januari. Baada ya kumpima, daktari anaandika hivi:

"Mpendwa Daktari, tafadhali mwone kijana huyu juma hili. Ana huzuni kuu kwa majuma matatu, lakini nashuku baipola. Januari, kwa maelezo ya dada yake, alikaa siku tisa akilala muda wa saa tatu tu kila usiku bila kuchoka. Alizungumza mbio, akatumia akiba yake yote, Sh80,000, kununua pampu za maji asizokuwa na mnunuzi wake, na akagombana na mwajiri. Mjomba wake aliwahi kulazwa kwa hali kama hiyo. Hanywi pombe. Hutafuna miraa mara moja moja, ila si katika siku hizo. Amefikiria kufa, lakini hana mpango wala hajawahi kujaribu. Dada anakaa naye. Majibu ya vipimo vya damu, figo na tezi ya shingoni nimeyaambatisha. Sijampa dawa ya huzuni. Naomba uthibitishe ugonjwa na unishauri kuhusu matibabu, nami nitaendelea kumwona hapa."

Tazama neno "nashuku". Hiyo si hukumu, ni swali analoulizwa bingwa. Zile siku tisa ndizo uti wa mgongo wa barua, kwa maana bila hizo kijana angehesabiwa kuwa na huzuni tu. Habari za miraa zimo kwa sababu miraa nayo huweza kumnyima mtu usingizi na kumfanya aseme mbio.

Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huweza kuiga ile hali ya juu, na ikilegea huiga huzuni. Tena, dawa iitwayo lithiamu hutolewa mwilini na figo, na yaweza kudhuru figo na tezi hiyo. Kwa hivyo bingwa huhitaji majibu hayo kabla ya kuianzisha. Kama mgonjwa ni mwanamke, barua itaje kama ana mimba au anatarajia kuzaa, kwani dawa nyingine ya ugonjwa huu, valproeti, hudhuru mtoto tumboni.

Maneno kuhusu kufa ndiyo yanayoamua haraka ya safari. Kijana angekuwa na mpango wa kujiua, asingepewa barua arudi nyumbani kungoja siku ya miadi. Angepelekwa siku hiyo hiyo kwenye idara ya dharura, akiwa na mtu kando yake.

Ukipewa barua kama hii, una haki ya kumwuliza daktari ameandika nini. Iwe unakwenda Mathari jijini Nairobi au kliniki ya akili katika hospitali ya kaunti, fuatana na mtu aliyekuona ulipokuwa juu, kwa sababu macho yake yaliona usiyoyaona. Andikeni tarehe mnazokumbuka na idadi ya saa za usingizi. Bebeni dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Baada ya kuonwa, ombeni bingwa amwandikie daktari wenu jibu, ili dawa zilizoanzishwa huko zisije zikabadilishwa huku kwa kutojua.