Jibu Lililobakiza Kila Kitu: Namba Thabiti na Mafungu Madogo katika Swali la Kiwango cha Ukuaji

Makala haya yanachunguza kosa moja linalojitokeza wanafunzi wa isimu wanapoanza kusoma isimu ya tarakilishi. Si kosa la hesabu. Aghalabu mwanafunzi huhesabu kwa uangalifu mkubwa, akafikia jumla iliyo sahihi, kisha akapoteza alama katika mstari wa mwisho kwa sababu amebakiza yale ambayo swali lilimtaka ayaache. Ili kosa hilo lieleweke, inafaa kuanza na kazi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu.

Chukua mfano wa mtunzi wa kamusi aliye na orodha ya vidahizo ambayo haijapangwa kialfabeti. Anataka kujua iwapo kuna kidahizo kilichoingizwa mara mbili. Njia iliyo wazi kuliko zote ni kulinganisha kila neno na maneno yote yanayolifuata:

```
for i in range(n):
    for j in range(i + 1, n):
        if orodha[i] == orodha[j]:
            print(orodha[i])
```

Herufi n inasimamia idadi ya maneno. Neno la kwanza hulinganishwa na maneno n − 1, la pili na n − 2, na kuendelea hivyo hadi neno la mwisho, ambalo halina la kulinganishwa nalo. Jumla ya milinganisho ni n(n − 1)/2, yaani n²/2 − n/2. Chukulia pia kwamba kabla ya ulinganishaji kila neno husomwa, huondolewa nafasi za pembeni na kugeuzwa kuwa herufi ndogo. Hizo ni hatua 3 kwa kila neno. Kufungua faili na kuifunga ni hatua 2 nyingine. Zikijumlishwa zote:

T(n) = n²/2 + 5n/2 + 2

Hadi hapa mwanafunzi hajakosea. Swali, hata hivyo, lilikuwa: "Eleza kiwango cha ukuaji wa idadi ya hatua kwa alama ya O." Naye akajibu O(n²/2 + 5n/2 + 2). Jibu lililotarajiwa ni O(n²).

Ni haki kuuliza kwa nini kilicho kamili zaidi kionekane kuwa na upungufu. Mwalimu anayejibu tu kwamba "ndivyo kanuni ilivyo" hajamsaidia mtu. Sababu ziko mbili, nazo hazifanani.

Sababu ya kwanza inahusu mafungu madogo, yaani 5n/2 na 2. Orodha ikiwa na maneno 10, hatua ni 77, na fungu kuu la n²/2 linachangia 50 tu kati ya hizo. Mafungu madogo bado yana uzito. Maneno yakiwa 100, hatua ni 5,252, na fungu kuu linachangia 5,000. Yakifika 1,000, hatua ni 502,502, ambapo 500,000 zinatoka kwa fungu kuu. Sehemu ya mafungu madogo imeshuka kutoka takriban thuluthi moja hadi nusu ya asilimia moja, na itazidi kushuka kadiri orodha inavyorefuka. Swali la kiwango cha ukuaji linahusu hali hiyo ya n kubwa.

Sababu ya pili inahusu kizidishi cha nusu kilichotangulia n². Hiki hakififii, kitabaki nusu hata orodha ikiwa na maneno milioni. Huachwa kwa sababu kinategemea kile ambacho mhesabuji ameamua kukiita "hatua". Mtu mwingine angeweza kuhesabu kila herufi inayolinganishwa, au kila amri ya tarakilishi, na kizidishi kingebadilika ilhali kazi ni ile ile. Lisilobadilika ni tabia ya jumla orodha inapoongezeka. Kutoka maneno 1,000 hadi 2,000, hatua zinapanda kutoka 502,502 hadi 2,005,002, takriban mara nne. Orodha ikiongezeka maradufu, kazi huongezeka mara nne, na uwiano huo hautikiswi na nusu wala na kizidishi kingine chochote.

Fasili yenyewe imebeba wazo hili. Husemwa kwamba T(n) ni O(g(n)) iwapo ipo namba thabiti c, na ipo namba n₀, ambapo T(n) haizidi c·g(n) kwa kila n isiyopungua n₀. Katika mfano huu, kwa kila n kuanzia 1, fungu 5n/2 halizidi 5n²/2, na 2 haizidi 2n². Kwa hiyo jumla yote haizidi n²/2 + 5n²/2 + 2n², yaani 5n². Basi c ni 5 na n₀ ni 1. Namba thabiti haijatupwa kiholela. Imeshapewa makao ndani ya c. Anayeiandika tena ndani ya mabano anaihesabu mara mbili.

Yafuatayo yanahitaji kusemwa kwa haki ya mwanafunzi: O(n²/2 + 5n/2 + 2) si uongo. Kwa mujibu wa fasili, linataja kundi lile lile la O(n²). Hatari inaanza anapoliamini kuwa tofauti. Mwanafunzi wa namna hii, akiulizwa kati ya mbinu ya O(n²/2) na ya O(n²) ipi inakua polepole zaidi, huchagua ya kwanza, na hapo jibu lake huwa na kosa la maana. Zote mbili hukua kwa kiwango kimoja.

Je, namba thabiti hazina kazi kabisa? Zinayo, ila katika swali jingine. Chukulia mbinu ya pili inayopanga orodha kialfabeti kwanza, kisha ikalinganisha majirani tu, nayo igharimu hatua 20n·log₂n. Kwa maneno 64, mbinu hii hutumia hatua 7,680, ilhali ile ya kwanza hutumia 2,210 pekee. Kwa maneno 1,024 mambo yamegeuka: hatua 204,800 dhidi ya 526,850. Mtunzi wa kamusi ndogo ya istilahi angefanya vyema kuzingatia ile 20. Lakini jibu lake lingekuwa hesabu kamili ya hatua, bila alama ya O.

Tahadhari ya mwisho inamhusu mwanafunzi aliyelielewa somo hili kupita kiasi, akaanza kufuta kila namba anayokutana nayo. Log n si namba thabiti. Inakua, ingawa polepole, kwa hiyo n·log n haiwezi kuandikwa n. Namba iliyo katika kipeo nayo haiguswi, maana 2²ⁿ ni sawa na 4ⁿ, nayo huiacha 2ⁿ mbali bila kikomo. Tena, upunguzaji hufanywa mwishoni. Mbinu moja ikitumia hatua n² + 3n na nyingine n², tofauti yao ni 3n, ambayo ni O(n). Aliyefuta 3n mapema, kabla ya kutoa, atapata sifuri na kudai kwamba mbinu hizo zinatumia hatua sawasawa.