Nihamishe mkopo wangu?

Swali: Nimebakiza deni la shilingi milioni 10, miezi 36, riba asilimia 17. Benki nyingine inanipa asilimia 14. Nihame?

Jibu: Kwa riba ya salio linalopungua, rejesho lako litashuka kutoka takriban 356,500 hadi 341,800 kwa mwezi. Hadi mwisho utaokoa kama 530,000. Kwanza omba benki yako barua ya salio la kumalizia mkopo, uone ada ya kulipa mapema. Ikiwa asilimia 3, ni 300,000. Ongeza ada ya mkopo mpya, tuseme asilimia 1.5, na bima asilimia 1, jumla 550,000. Hapo umepata hasara, usihame. Wakikushawishi kwa rejesho dogo la miezi 60, kataa: utalipa riba miaka miwili zaidi.