Pampu ya Joto, Tangi na Kilele cha Umeme Hotelini

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua mtambo wa kuchemshia maji ya kuogea katika hoteli ndogo, na jinsi uchaguzi huo unavyobadilisha mahitaji ya umeme. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma sura ya joto na sura ya umeme katika fizikia anaweza kufuata hesabu zote.

Tuifikirie hoteli ya vyumba 20 iliyoko Chiungutwa, Wilaya ya Masasi. Msimu wa minada ya korosho unapofika hoteli hujaa, na hulala wageni 30. Kila mgeni huoga mara moja kwa siku, akitumia lita 40 za maji yenye nyuzi 40 za Selsiasi. Tuchukue kwamba maji ya bomba yana nyuzi 24, na kwamba wageni 18 huoga alfajiri na 12 huoga jioni.

Nishati na nguvu

Joto linalohitajiwa kwa siku hupatikana kwa kanuni ya kawaida:

Q = m × c × θ = 1,200 × 4.2 × 16 = 80,640 kJ

Kilojuli 3,600 ni sawa na kilowati-saa moja, yaani uniti moja ya umeme. Basi wageni wote 30 wanahitaji joto la uniti 22.4 kwa siku.

Hoteli nyingi ndogo huweka katika kila bafu hita ya papo kwa papo, ambayo huchemsha maji yanapopita. Hita ya kilowati 5 hutoa kama lita 4.5 za maji hayo kwa dakika, hivyo mgeni huoga kwa dakika 9 hivi. Wageni 8 wakioga pamoja saa 12 asubuhi, hita zao hudai kilowati 40 kwa wakati mmoja. Ifikapo saa 2 mahitaji hayo yamekwisha, lakini waya, fyuzi na jenereta sharti viwe na uwezo wa kubeba kilowati 40 hizo.

Hapa pana mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Uniti 22.4 ni nishati ya siku nzima. Kilowati 40 ni nguvu ya juu kabisa inayodaiwa kwa wakati mmoja, nayo huitwa kilele. Mteja wa TANESCO wa kundi T1 hulipia uniti tu, lakini mteja mkubwa wa kundi T2 hutozwa pia kwa kilele chake cha mwezi, kinachopimwa kwa kVA. Hata mwenye hoteli wa kundi T1 hakikwepi kilele: umeme ukikatika, jenereta ndogo haiwezi kuendesha hita 8.

Kazi ya pampu ya joto

Pampu ya joto hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa. Gesi maalumu huvukiza ndani ya koili baridi na kuchukua joto la hewa ya nje. Kompresa huibana gesi hiyo hadi ikapata moto. Kisha gesi hutoa joto lake kwa maji na kurudi kuwa kimiminika. Umeme huendesha kompresa na feni, na sehemu kubwa ya joto hutoka hewani bure.

Uwiano wa joto linalotolewa kwa umeme unaotumika hauwezi kupita kikomo kinachopatikana kwa vipimo vya Kelvini. Mchana, hewa ikiwa na nyuzi 28, koili baridi huwa na nyuzi 20 hivi (293 K), na koili ya moto nyuzi 65 (338 K). Kikomo ni 338 ÷ 45, yaani 7.5. Usiku wa kipupwe hewa ikiwa na nyuzi 18, koili baridi hushuka hadi nyuzi 10, na kikomo huwa 338 ÷ 55, yaani 6.1. Tukichukua kwamba mashine halisi hufikia kama theluthi mbili ya nusu ya kikomo hadi nusu yake, uwiano wa 2.5 ni kadirio la tahadhari. Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba mashine ifanye kazi mchana, wakati hewa ni ya joto.

Tuongeze uniti 2.6 za joto linalopotea katika tangi na mabomba. Jumla ni uniti 25 za joto, na umeme unaotumika ni 25 ÷ 2.5, yaani uniti 10. Mashine ikifanya kazi kwa saa tano, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 alasiri, itatoa joto la kilowati 5 na kudai umeme wa kilowati 2 tu.

Ukubwa wa tangi

Msomaji asidhani kwamba kilele kimeshuka kutoka kilowati 40 hadi 2 kwa sababu ya pampu peke yake. Tangi lenye hita ya kawaida ya kilowati 5, likichemshwa kwa saa hizo hizo tano, lingekwisha kushusha kilele hadi 5. Pampu hupunguza uniti. Tangi hupunguza kilele. Anayenunua pampu nzuri na tangi dogo hupoteza nusu ya faida.

Maji huhifadhiwa kwa nyuzi 60, ili bakteria wa Lejionela wasistawi ndani ya tangi, kisha huchanganywa na maji baridi kabla ya kufika bafuni. Lita 1,200 za nyuzi 40 zahitaji lita 1,200 × 16 ÷ 36, yaani lita 533 za nyuzi 60. Kwa kuwa maji baridi huingia chini na kuchanganyika kidogo na ya moto, tuhesabu kwamba ni sehemu nne kwa tano tu ya tangi zinazofaa. 533 ÷ 0.8 ni lita 667. Basi tangi la lita 700 linatosha siku nzima.

Sasa tuone tangi la lita 300 lenye pampu ile ile na hita ya akiba ya kilowati 6. Lita zake 240 zinazofaa hutoa lita 540 za maji ya kuogea, yaani wageni 13. Mgeni wa 14 akifungua bomba alfajiri, themostati huwasha hita ya akiba pamoja na pampu. Kilele huwa kilowati 8, saa ile ile jikoni wanapochemsha chai. Maji yatakuwa ya moto na hakuna atakayelalamika. Kosa litaonekana katika mita tu.

Kugundua kasoro

Fundi apime mkondo kwenye waya wa mtambo. Pampu ya kilowati 2 kwa volti 230 huchukua ampia 9 au 10. Ampia 35 zikionekana, hita ya akiba imewaka. Hita hiyo ifungwe kwa swichi ya mkono, iwashwe pampu inapoharibika tu.

Jambo la pili ni koili ya nje. Wakulima wa korosho hupuliza salfa ya unga kuzuia ubwiri unga. Unga huo huziba mapezi ya koili, na salfa huungana na shaba. Mtambo uwekwe mbali na mikorosho, na koili ioshwe kwa maji safi baada ya upulizaji. Ikiwa pampu iliyomaliza kazi saa 10 sasa inaendelea hadi saa 1 usiku, ilhali wageni ni wale wale, koili ikaguliwe kwanza.

Maswali

1. Maji ya bomba yakishuka hadi nyuzi 20, hoteli itahitaji uniti ngapi za joto kwa siku, bila kuhesabu upotevu?
2. Tafuta kikomo cha uwiano ikiwa koili baridi ina nyuzi 15 na koili ya moto nyuzi 65.
3. Eleza kwa nini kuongeza pampu ya pili si dawa ya tangi dogo.