Pango la Oktoba, hesabu za Desemba

Mvua za Ufipa hushika Novemba, na mwenye duka la pembejeo Sumbawanga hawezi kuzisubiri akiwa bado anatafuta fremu. Ikifika Oktoba awe ameshasaini mkataba, amelipa pango, na mifuko ya DAP imepangwa dukani. Mwenye nyumba anataka fedha ya mwaka mzima kwa mkupuo, basi inatoka siku moja. Miezi mitatu baadaye, tarehe 31 Desemba, vitabu vinafungwa, kwa sababu mwaka wa mapato kwa hesabu za kodi hufuata kalenda, haufuati msimu wa mahindi.

Hapo ndipo hesabu za maduka mengi zinapopinda. Mkataba unafuata mvua, vitabu vinafuata kalenda, na 31 Desemba inaukata mkataba vipande viwili. Nitaonyesha jinsi ya kukipeleka kila kipande kwenye mwaka wake, kwa mfano mmoja tutakaokwenda nao hadi mwisho. Ili tusichanganyane, neno "pango" nitalitumia kwa fedha ya mwenye nyumba, na "kodi" kwa fedha ya serikali.

Mfano wetu

Mama mmoja amefungua duka la mbegu na mbolea mjini Sumbawanga. Mkataba wake unaanza 1 Oktoba 2024 na kuisha 30 Septemba 2025. Pango ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ameuza vizuri, na akishatoa gharama zote isipokuwa pango amebaki na shilingi 2,100,000.

Akiandika pango lote kuwa gharama ya 2024, vitabu vitasema amepata hasara ya shilingi 300,000. Mwanamke aliyeuza mbegu hadi ghala likabaki tupu ataambiwa na daftari lake mwenyewe kwamba duka halilipi. Ukweli ni kwamba fremu ameitumia miezi mitatu tu. Miezi tisa iliyobaki bado ni mali yake, kama mifuko ya urea ambayo hajaiuza.

Chora mstari wa miezi kwanza

Kabla ya kugusa leja, fungua kaunta buku, weka mkataba mbele yako, kisha andika miezi yote ya mkataba kwa mstari mmoja: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, hadi Septemba. Piga mstari wa wima baada ya Desemba. Hesabu miezi iliyo kushoto, kisha iliyo kulia. Kushoto ipo 3, kulia ipo 9. Jumla lazima irudi 12.

Miezi ya kushoto mara 200,000 ni 600,000. Hiyo ndiyo gharama ya pango ya 2024. Miezi ya kulia mara 200,000 ni 1,800,000. Hiyo ni mali, nayo inaingia kwenye mizania ya 31 Desemba kwa jina la Pango Lililolipwa Kabla.

Tarehe zichukue kwenye mkataba, usizichukue kwenye risiti. Mtu anaweza kulipa 20 Septemba kwa chumba atakachokabidhiwa 1 Oktoba. Risiti inakuambia fedha ilitoka lini. Ni mkataba pekee unaokuambia ilinunua miezi ipi.

Wafanyabiashara wa pembejeo huniuliza swali lenye uzito: "Mauzo yangu makubwa ni Oktoba hadi Januari. Kuanzia Machi duka limelala. Kwa nini pango lisibebwe zaidi na miezi ya mauzo?" Jibu ni kwamba pango linanunua nafasi ya kutumia chumba, na nafasi hiyo unayo Juni sawasawa na ulivyokuwa nayo Novemba. Ukiligawa kwa kufuata mauzo, utaficha jambo ambalo vitabu vingekuonyesha, kwamba miezi ya ukimya nayo ina bei.

Maingizo yenyewe

Siku ya kulipa, ingiza fedha yote kuwa mali:

Debiti Pango Lililolipwa Kabla 2,400,000
Krediti Benki 2,160,000
Krediti Kodi ya Zuio Inayodaiwa 240,000

Mstari wa tatu huwashangaza wengi. Mpangaji anayelipa pango kwa ajili ya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA, na mwenye nyumba anapokea kilichobaki. Kosa la kawaida ni kuangalia karatasi ya benki, kuona 2,160,000, na kudhani hilo ndilo pango. Pango linabaki 2,400,000 kama mkataba unavyosema. Zile 240,000 ni sehemu ya fedha ya mwenye nyumba uliyoishika kwa muda, na ukiipeleka TRA unafuta deni. Ukikosea hapa, pango la mwezi litakuwa 180,000 na kila hesabu inayofuata itapungua.

Tarehe 31 Desemba 2024, fanya ingizo la marekebisho:

Debiti Gharama ya Pango 600,000
Krediti Pango Lililolipwa Kabla 600,000

Angalia kwamba benki haiguswi. Hakuna fedha iliyotoka siku hiyo. Kilichotokea ni miezi mitatu kutumika. Ukiona ingizo la marekebisho la pango linalogusa benki au daftari la fedha taslimu, simama, kuna kosa. Baada ya ingizo hili, duka linaonyesha faida ya shilingi 1,500,000, na mizania ina mali ya 1,800,000.

Mwaka wa pili, pango likipanda

Tuseme 1 Oktoba 2025 mwenye nyumba anapandisha pango hadi 3,000,000 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi. Sasa mwaka 2025 una vipande viwili vyenye bei tofauti. Januari hadi Septemba ni miezi 9 ya mkataba wa zamani, jumla 1,800,000. Oktoba hadi Desemba ni miezi 3 ya mkataba mpya, jumla 750,000. Gharama ya pango ya 2025 ni 2,550,000.

Namba hiyo huioni popote kwenye karatasi za malipo. Mama amelipa 3,000,000, mkataba wa zamani unasema 2,400,000, na jibu sahihi liko katikati. Ndiyo maana mstari wa miezi unachorwa upya kila mkataba unapobadilika. Mali inayobaki 31 Desemba 2025 ni miezi 9 mara 250,000, sawa na 2,250,000.

Kama pango lote liliandikwa gharama

Maduka mengi hayafuati njia niliyoonyesha. Karani anaandika 2,400,000 yote kwenye Gharama ya Pango siku ya malipo, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuandika umeme na maji. Si lazima ufute. Tarehe 31 Desemba 2024 unarudisha kile ambacho hakijatumika:

Debiti Pango Lililolipwa Kabla 1,800,000
Krediti Gharama ya Pango 1,800,000

Gharama inashuka kutoka 2,400,000 hadi 600,000, jibu lile lile. Lakini njia hii ina hatua ya pili ambayo husahaulika kuliko zote. Tarehe 1 Januari 2025 ni lazima ugeuze ingizo hilo: debiti Gharama ya Pango 1,800,000, krediti Pango Lililolipwa Kabla 1,800,000. Usipoligeuza, miezi tisa ya 2025 haitaonekana kuwa gharama mahali popote.

Tazama kinachotokea kwa mama wetu. Oktoba 2025 karani anaandika 3,000,000 kuwa gharama, na Desemba anarudisha 2,250,000. Gharama ya mwaka inabaki 750,000 badala ya 2,550,000. Faida imevimba kwa 1,800,000 ambayo haipo. Kama duka ni kampuni inayolipa kodi ya asilimia 30 ya faida, hiyo ni kodi ya shilingi 540,000 kwa fedha iliyokwisha kwenda kwa mwenye nyumba.

Kosa hili lina alama yake. Mizania ya 31 Desemba 2025 itaonyesha Pango Lililolipwa Kabla la 4,050,000, yaani 1,800,000 ya zamani juu ya 2,250,000 mpya. Pango la mwaka mzima ni 3,000,000. Huwezi kuwa umebakiza pango kubwa kuliko ulilolipa. Ukiona salio la namna hiyo, usitafute mbali: nenda 1 Januari ukaone kama ingizo liligeuzwa.

Chagua njia moja kwa fremu moja na uandike juu ya ukurasa wa leja ni ipi. Balaa huja pale karani mmoja anapotumia njia ya mali na mwenzake aliyempokea anatumia ya gharama, kila mmoja akifanya marekebisho yake.

Mkataba ulioanza katikati ya mwezi

Fremu nyingi hukabidhiwa siku ambayo mpangaji wa zamani amehama, wala si tarehe 1. Mkataba wa mama ungeanza 15 Oktoba, unaweza kuhesabu siku: 17 za Oktoba, 30 za Novemba, 31 za Desemba, jumla 78. Mara 2,400,000, gawanya kwa 365, unapata 512,877. Ukihesabu kwa miezi miwili na nusu, unapata 500,000. Tofauti ya shilingi 12,877 haimbadilishii mama uamuzi wowote, na njia zote mbili zinatetewa. Kinachoharibu ni kutumia siku mwaka huu na miezi mwaka ujao kwa mkataba ule ule, kwa sababu vipande viwili havitarudi 2,400,000.

Njia hii inaishia wapi

Mkataba usiozidi miezi 12 unashughulikiwa hivi bila shida. Mkataba mrefu zaidi ni habari nyingine kwa kampuni inayofuata viwango kamili vya IFRS: kiwango namba 16, kilichoanza kutumika 2019, kinataka haki ya kutumia jengo ionekane kwenye mizania kwa utaratibu wake. Hapo mwone mhasibu aliyesajiliwa na NBAA. Fedha ya dhamana nayo isichanganywe humu. Mwenye nyumba atairudisha, kwa hiyo haiishi mwezi kwa mwezi. Ada ya dalali ina mstari wake pia, maana haikulipia miezi ya kukaa.

Ukitaka kujua kama umepatia, kwa njia ya mali endelea kutoa 200,000 kila mwisho wa mwezi kuanzia Januari 2025. Jioni ya 30 Septemba, kabla mama hajalipa mkataba mpya, akaunti ya Pango Lililolipwa Kabla isome sifuri. Ikibaki hata 200,000, kuna mwezi mmoja uliotumika ambao haujaandikwa. Rudi kwenye kaunta buku, weka kidole kwenye Oktoba, na uhesabu upya.